Milango Isiyo na Nyumba

Mwaka ule bei zilikuwa na miguu. Ukizilaza jioni ubaoni kwa chaki, asubuhi unazikuta zimekwenda mbali, na ukizifukuza hazishikiki. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Misumari, aliacha kabisa kuandika bei kwenye bidhaa. Aliandika ubaoni tu, akafuta, akaandika tena, hata vidole vyake vikawa vyeupe kama vya mtu aliyekanda unga.

Alikuwa amejifunza kwa machungu kwamba siku hizo kuuza ni kupoteza. Mfuko wa saruji aliouuza asubuhi kwa faida, mchana alipokwenda sokoni fedha zake zilimnunulia nusu mfuko. Basi kila akipata mauzo alifunga mlango wa duka, akazifunga noti kwenye khanga, akaenda mbio kwa seremala au kwa wenye mabati. Alikimbia kama aliyebeba barafu mikononi juani.

Nyumbani aliishi na baba yake, mstaafu aliyefanya kazi wizara ya fedha tangu ujana wake. Watu walimwita Mzee Hazina, naye jina lile lilimpendeza. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimecheleweshwa mno. Kilipolipwa hatimaye, kililipwa kwa hesabu ile ile iliyoandikwa siku anastaafu, bila kuongezwa hata senti. Zamani fedha hiyo ingemjengea nyumba. Sasa ilijaa begi la safari, na begi lenyewe ndilo lililokuwa na thamani ya kueleweka.

"Kesho nazipeleka benki," alisema mezani. "Wanatoa riba ya asilimia mia kwa mwaka."

"Baba, bei zinapanda maradufu kila mwezi. Hiyo riba ni kumpa maji ya kijiko mtu anayeunguliwa na nyumba."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu. Hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa mtu wa maelezo.

"Mwanangu, fedha ni ahadi. Karatasi haijawahi kuwa na thamani hata siku moja. Migodi ilipofungwa, kodi zikakauka. Mishahara ya askari na walimu ikabaki pale pale, na hapakuwa na mtu wa kuikopesha serikali. Basi wakageukia benki kuu: tuchapishieni. Wakasema ni mara moja tu. Lakini noti zikizidi na bidhaa zisipozidi, bei hupanda. Bei zikipanda, kodi ya leo ikilipwa mwezi ujao inafika imeshakuwa mvuke. Pengo linakua, wanachapisha zaidi. Juu ya hayo mnakuja nyinyi, kila mtu anaitupa noti kama kaa la moto. Noti moja inazunguka mikono kumi kwa siku, na bei zinazidi kuruka. Mnapokimbia ndipo mnapochochea."

"Sawa, baba. Simba akiingia mtaani, wote wakakimbia, nibaki mimi peke yangu nimfundishe nidhamu?"

Mzee alicheka mpaka machozi. Lakini asubuhi alivaa koti lake la kazini, akabeba begi. Mama Misumari akafuatana naye, kwa sababu baba ni baba.

Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani, na watu walipita ndani yake kimya kimya na vitu vya ajabu: mtu na beseni tatu za bati, mwanamke na masinki mawili ya choo mgongoni, mzee mmoja akikokota gurudumu la trekta. Hakuna aliyeulizwa atakifanyia nini. Walikwenda kama watu wanaotembea usingizini, kila mmoja amekumbatia kitu ambacho kesho kitakuwa bado ni kitu.

Benki kulikuwa na foleni mpaka nje, wote wakisubiri kutoa. Mzee Hazina alipofika dirishani na kusukuma begi mbele, karani, binti mwenye macho mazito, alimtazama kwa muda.

"Babu, unaleta?"

"Naleta, mama. Nataka akaunti ya muda maalumu."

Karani akainama karibu na kioo, akapunguza sauti. "Shikamoo, babu. Sisi hapa tunalipwa kila wiki sasa. Tukilipwa tunaruhusiwa kutoka saa nzima, tukanunue kabla bei haijabadilika. Meneja ndiye anayetangulia."

Wakati huo huo mlango wa nyuma ukafunguka, akatokea meneja mwenyewe, tai shingoni, jasho usoni, amebeba mpira wa kumwagilia bustani mrefu kama chatu. Mzee alimtazama akipita. Kitu fulani usoni mwake kikalegea, kama fundo lililofungwa miaka mingi.

"Hata hana bustani," mlinzi akanong'ona.

Mzee akachukua begi lake. "Twende kwa seremala wako," akamwambia bintiye. "Ahadi ina watu wawili. Mwenzangu ameshaondoka."

Njiani walipita kwa wabadilishaji wa fedha za kigeni, waliosimama ukutani na redio masikioni. Mzee aliuliza bei ya dola. Alipotoa miwani aone vizuri kikokotoo, bei ikawa nyingine. Alipoivaa, ikawa nyingine tena. Akairudisha miwani mfukoni.

Seremala alikuwa na haraka ya kukamata lori la mbao kabla ya mchana, kwa hiyo hakutaka maneno. Alizipokea noti bila kuzihesabu zote. Alizipima kwa macho, bunda kwa bunda.

"Nina milango tu, mzee. Mbao ngumu, fremu na bawaba zake. Fedha hizi zitatosha tisa. Ungekuja wiki iliyopita ungechukua kumi na minne."

"Sina nyumba, fundi."

"Nani anayo?"

Milango ile ilisimamishwa uani, ikiegemezwa ukutani na kwenye miti, mingine ndani ya fremu zake. Jioni upepo uliifungua na kuifunga taratibu, na mzee alipita kati yake kwa upole, akiingia hapa akitokea pale, kana kwamba yupo katika nyumba kubwa ambayo kuta zake zilikuwa bado njiani. Bintiye alimtazama kutoka jikoni, akaogopa kumwita asije akamwamsha.

Mlango mmoja ulikwenda kwa magunia ya unga. Mwingine ulilipa dawa za moyo za mzee, kwa sababu mwenye duka la dawa hakutaka noti, alitaka dola au kitu. Serikali ilikata sifuri sita kwenye noti, watu wakashangilia wiki moja. Lakini mitambo ya kuchapa haikusimama, na sifuri zikarudi kama magugu. Hatimaye, asubuhi moja, muuza mboga alikataa noti, kisha mchinjaji, kisha wote. Fedha ile ilikufa hivyo, bila msiba. Haukupita muda serikali ikaruhusu fedha za kigeni zitumike kila mahali, na kwa kuwa haikuweza kuzichapisha, ikalazimika kutumia kile ilichokusanya tu.

Rafiki wa mzee, aliyekaa naye ofisi moja wizarani, alikuwa ameacha akiba yote benki. Alipokwenda kuiuliza, haikufika nauli ya kumrudisha. Akarudi kwa miguu mpaka uani kwa Mzee Hazina, akakaa kati ya milango. Mzee hakumweleza lolote safari hiyo. Alimpa mlango mmoja, akamtafutia na mkokoteni.

Wajenzi walipoanza tena kujenga, kijana mmoja na mkewe walikuja uani. Waligusa mbao, wakauliza bei. Mzee akaitaja kwa dola.

"Leo fedha yetu haijatimia, babu," mke akasema, akijitayarisha kuumia. "Tukirudi wiki ijayo itakuwa ngapi?"

Mzee Hazina alifungua mdomo, akasita.

"Ile ile," akasema.

Wale wawili wakatazamana. Mume akamwomba mzee arudie alichosema.