Safu ya Waliopelekwa Kasaji

Ukitaka kumjua Profesa Nkongolo, mpelekee karatasi. Mara ya kwanza Yolande Mianda, muuguzi aliyekuwa akisomea shahada, alimpelekea maelezo ya tatizo la utafiti wake, kurasa sita zilizoanza na dunia nzima, zikapita Afrika, zikapumzika Kinshasa, na Musonoi, mtaa wake wa kando ya machimbo, ikajitokeza ukurasa wa mwisho kwa mistari mitatu. Profesa alizikata tano kwa kalamu nyekundu, akamwambia aanzie pale alipomalizia. Mara ya pili alikuta lengo kuu limeandikwa "kuthibitisha kwamba vumbi la malori linawaumiza watoto". Akalifuta lile neno la kwanza. Anayetaka kuthibitisha ameshahukumu, alisema. Mtafiti hupima, kisha hulinganisha. Yolande alinuna siku mbili, na siku ya tatu akakiri moyoni kwamba mzee huyo alikuwa amesema kweli.

Sasa lilikuwa swali la kueleweka. Kati ya watoto wa Musonoi wasiofikia miaka mitano, ni wangapi waliokohoa na kupumua mbio katika wiki mbili zilizopita? Na je, wanaokaa chini ya mita mia moja kutoka barabara ya malori ya machimbo wanakohoa kuliko wanaokaa mbali? Kanuni ya ukubwa wa sampuli ilidai watoto 384, na ukiongeza nafasi ya watakaokataa, 427, mmoja kwa kila nyumba, kwa kura. Umri wa mtoto, jiko la makala, yaani mkaa, ndani ya nyumba na baba mvuta sigara navyo viliwekwa kwenye hesabu ya regresheni, maana mtoto anaweza kukohoa bila lori lolote kupita, na kila kimoja kibebe lawama yake tu.

Mwisho kabisa palikuwa na jedwali tupu. Profesa alilidai kwa kila mwanafunzi: mistari na safu zichorwe kabla hata mtoto mmoja hajapimwa, ili baadaye mtu asishawishike kulichora upya kufuata matokeo anayoyapenda. Mstari wa karibu na barabara, mstari wa mbali. Safu ya anayekohoa, safu ya asiyekohoa. Profesa akatia sahihi Jumanne, kwa mkono wa mtu asiyetia sahihi ovyo. Kilichobaki ni kuiwasilisha protokoli, yaani mpango mzima wa utafiti, kwa kamati ya maadili kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi. Kikao kingine kingekuwa miezi mitatu baadaye, mvua zimeshaanza na vumbi limelala, na likizo ya masomo aliyopewa Yolande pale kituo cha afya ingekuwa imeisha. Akiikosa Alhamisi, ameukosa mwaka, na huenda ameikosa shahada yenyewe.

Jumatano asubuhi akaenda kwa Mama Mbuyu ili waweke maswali katika Kiswahili cha pale. Mama Mbuyu alikuwa relais, yaani mmoja wa wale wanaojitolea kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa ajili ya kituo, na mchana aliuza makala. Shule aliiacha darasa la nne. Lakini hakuna mtoto aliyezaliwa katika avenyu zake tatu ambaye yeye hakumjua kwa jina, na chanjo zake alizihesabu kwa kichwa. Kwa utani akasema atajifanya Myriam, jirani yake wa nyumba inayotazamana na barabara, na Yolande amuulize kama anavyouliza mgeni.

Yolande akasafisha koo, akauliza swali la kwanza: ni watoto wangapi wasiofikia miaka mitano wamekaa humu nyumbani miezi sita iliyopita? Sharti hilo la miezi sita alilipenda mno. Lilimhakikishia kwamba mtoto atakayepimwa ameivuta hewa ya Musonoi kweli.

"Moya," akajibu Mama Mbuyu.

Yolande akacheka. Myriam alimjua vizuri, watoto wake wote watatu aliwapokea yeye kwa mikono yake.

"Alizala batatu, njo vile," akasema Mama Mbuyu, naye hakucheka. "Bawili beko Kasaji kwa nkambo yao. Kikohozi njo kilibapeleka. Shee, onesha ile karatasi yako ya masanduku."

Yolande akampa lile jedwali tupu. Mama Mbuyu aliliweka magotini, akapitisha kidole chenye weusi wa makala juu ya visanduku, polepole, bila kuuliza neno la Kifaransa lililoandikwa pale. Kisha akauliza wale wawili wa Myriam walioko Kasaji wanaingia kisanduku gani. Hawakuingia popote. Akazitaja nyumba nyingine za upande wa barabara, nane, na katika tano kulikuwa na mtoto aliyepandishwa treni kwenda kupumua kwa nkambo, yaani bibi yake, mbali na machimbo.

"Bale balikohoa sana habako tena hapa," akasema. "Weye utapima bale balibakia. Utakuta barabara haina neno. Na nyumba yako nayo, Mama Jémima, itasema hapana mutoto."

Jina hilo alikuwa ameitwa mara elfu, na safari hii likamchoma. Jémima wake, miaka minne, alikuwa Kasaji kwa mama mkwe, miezi minane sasa, na aliyempeleka ni kikohozi. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka barabarani. Majirani walipouliza, Yolande alijibu kwamba mtoto amekwenda kutembea, na kwa kulirudia jibu hilo akaliamini mwenyewe. Nyani haoni kundule. Muuguzi wa miaka kumi na miwili, ameandika kurasa arobaini juu ya kikohozi cha watoto, na sharti aliloliandika kwa mkono wake lilikuwa limemfuta bintiye. Aliona aibu, na juu ya aibu hiyo akamstaajabia mwanamke huyu aliyeona kwa kidole kile ambacho yeye na profesa wake hawakukiona kwa macho manne.

Angeweza kunyamaza. Sahihi ilikuwapo. Lakini alikaa pale pale kwenye ua wa makala, akaifungua kompyuta na kuanza kubomoa.

Alhamisi saa mbili alikuwa mlangoni kwa Profesa, amejiandaa kutukanwa. Profesa alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Sharti la miezi sita lilikuwa limeondoka. Kila nyumba ingeorodhesha kwanza watoto wake wote wa umri huo, waliopo na waliohama, na kura ipigwe juu ya wote. Kwa kuwa waliohama hawatapimwa kifua, 427 wakawa 480. Lengo mahususi jipya lilikuwa kupima ni wangapi walihamishwa kwa sababu ya kikohozi, na kulinganisha karibu na mbali. Profesa akauliza kama mama anaweza kusahau, au kusingizia barabara. Anaweza, Yolande akajibu. Ndiyo maana daftari la kituo litaangaliwa, na hesabu itafanywa mara mbili, bila waliohama na pamoja nao, na majibu yakitofautiana atayaandika yote mawili.

"Nani alikuonesha hii?"

"Mama Mbuyu, relais wa kwetu. Mwenye kuuzisha makala."

Profesa alivua miwani. "Miaka ishirini na moja nafundisha hii somo," akasema taratibu. "Jina yake iingie mu protokole. Mu timu ya utafiti, hapana mu mashukuru."

Akatia sahihi. Kalamu ikiwa bado mkononi, akamuuliza kama naye ana mtoto aliyehama. Yolande akasema ndiyo, mmoja. Basi nyumba yake itolewe kwenye kura, akaamua Profesa kwa upole ambao hakuwa ameuonyesha mwaka mzima, kwa kuwa mtafiti hajipimi mwenyewe. Yolande alilijua hilo. Akaongeza sentensi moja kwa mkono pembeni ya ukurasa, na wote wawili wakaweka herufi za mwanzo za majina yao.

Saa tano na nusu protokoli ilikuwa mezani kwa kamati, imepigwa muhuri. Nje, Yolande alipiga simu Kasaji. Jémima akaanza kumsimulia mbuzi wa nkambo bila kupumzika, sentensi ndefu, pumzi nzima, wala hakukohoa hata mara moja. Mama yake alimsikiliza akilia. Hakuna hesabu itakayomtaja mtoto huyu. Lakini jedwali sasa lilikuwa na safu ya tatu, ya waliohamishwa kwa kikohozi, nayo ilikuwa tupu, ikiwasubiri wenzake.