Shuka Lina Pembe Nne

Kuna watu wanajua kuchagua wakati, na kuna Twiga. Kati ya siku zote alizoumba Mungu, alichagua asubuhi ya Jumatatu, mlango ukiwa ndio kwanza umefungwa na mlima wa mashuka ya hoteli ukiwa umemfika kifuani, kumwambia Kidoti kwamba anampenda. Tena si kwamba alianza kwa mbali. Alishika pembe zake mbili za shuka, Kidoti akashika zake mbili, na badala ya kusema "Vuta!" kama kila siku, akasema, "Kidoti, mimi nakupenda. Ningependa Jumapili tutoke, mimi na wewe, si kama watu wa kazini."

Kidoti hakuzunguka wala hakucheka. Alimtazama usoni, kile kidoti kilichompa jina kikiwa kimetulia shavuni, akasema, "Hapana, Twiga. Nakuheshimu sana, na kazi yako naipenda. Ila hilo hapana, na sitaki ubaki unasubiri."

Basi. Ndiyo hiyo. Jibu safi kama shuka lenyewe.

Sasa mtu mwingine akikataliwa huaga, hutoka, hutafuta pa kupumulia. Twiga angekwenda wapi? Chumba cha kukunjia hakikuwa na dirisha. Mlango ulifungwa ili vumbi lisiingie kwenye nguo safi, na haukufunguliwa mpaka saa ya chakula. Huku ukuta, kule mashine ya pasi ya mvuke ikikoroma, katikati yeye na aliyemkataa, wameshika kitambaa kimoja. Na shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnavuta, mnalikung'uta, mnakunja kwa urefu, kisha mmoja anamletea mwenzake pembe zake mpaka vidole vinagusana. Shuka hadi shuka. Loo! Twiga alitamani sakafu ipasuke immeze.

Maneno yalimjaa mdomoni. Kwa nini? Kuna mwingine? Nina kasoro gani? Jaribu mara moja tu, ukichoka tuache. Alijua, maana si mjinga, kwamba yote hayo ni kuomba, yamevalishwa suruali tu. Akayameza moja moja. Akajipongeza moyoni: mwanamume ndiye huyu, nimekubali, nimenyamaza.

Tatizo lilikuwa hapo hapo kwenye kunyamaza. Kazi ile ina maneno yake: "Vuta!" "Kunja!" "Leta!" Ndiyo yanayofanya mikono minne iende kama ya mtu mmoja. Twiga hakuyasema tena. Alivuta Kidoti akiwa hajajiandaa, akakunja macho yakiwa sakafuni. Kidoti alipouliza, "Hili tulirudie?" alijibu kwa mabega. Mashuka yakaanza kutoka yamepinda, pembe moja huku, nyingine kule. Uso wa Twiga ulikuwa umevimba kama chura, na mwenyewe aliamini ameuficha.

Aliyekuwa kwenye mashine ya pasi ni Bibi Mvuke, mama mtu mzima aliyewaoza vijana wengi wa kile kiwanda cha kufulia na kusahau kuhesabu waliotengana. Masikio yake yalisikia juu ya mngurumo wa mashine yoyote.

"We binti," alimwambia Kidoti, "mwonee huruma mtoto wa watu. Mtazame alivyonyong'onyea! Na wewe Twiga usikate tamaa, baba. Mvumilivu hula mbivu. Mwanamke akisema hapana mara ya kwanza, anakupima tu."

Twiga alisikia, na hapa nitasema ukweli wake hata kama unamwaibisha: yalimwingia vizuri. Kifuani palitulia kidogo. Hakumnyamazisha Bibi. Aliinamisha shingo yake ndefu zaidi, anyong'onyee vizuri, aonekane. Hakuomba yeye, aliombewa, na alikuwa anasubiri aone kama dua itapokelewa.

Kidoti aliweka shuka chini.

"Bibi, hakuna ninayempima," alisema. Sauti yake haikupanda. "Saa ya chakula nakwenda kwa msimamizi, anihamishie chumba cha nguo chafu. Kule nilikotoka yalikuwa haya haya. Nilimwambia mtu hapana, akasema sawa, kisha akaninunia miezi na miezi, na kila mtu akaniambia nina roho mbaya. Nikaacha kazi mimi. Safari hii niondoke mapema."

Chumba cha nguo chafu! Mashuka yenye matapishi na damu, harufu isiyotoka kwenye nywele. Twiga alihisi kama amepigwa kofi. Alidhani aliyefungiwa mle ndani ni yeye. Kumbe mwenzake ndiye aliyebanwa ukutani, na aliyembana ni yeye na shingo yake.

Wazo la kwanza lilikuwa kusema, "Basi nihame mimi." Lilimfika mpaka ulimini. Akalionja, akalijua: ni kununa kule kule, sasa kumevaa shuka jeupe. Angekwenda kule akanuke, ili kila siku Kidoti aone aliyeteswa ni nani. Akaliacha.

"Bibi," alisema, "mwache. Nilimuuliza, amenijibu. Jibu nimelipata."

"Wee, jibu gani hilo? Mwanamume hapigwi kibuti mara moja akakaa—"

"Bibi yangu, nakuheshimu. Usinisemee tena."

Bibi Mvuke aliibamiza pasi kama ndiyo iliyomkosea.

Twiga akamgeukia Kidoti. Hii ndiyo ilikuwa ngumu, maana sauti ilitaka kulia naye hakutaka Kidoti aanze kumbembeleza. "Nimekununia asubuhi yote. Samahani. Ukitaka kuhama, hama, ukitaka kubaki, baki. Ila usihame kwa ajili ya uso wangu, huu nitautengeneza mwenyewe. Na lile swali sitaliuliza tena."

Hakuongeza neno. Alitaka sana kuongeza.

Kidoti alimtazama kwa muda, kama mtu anayekagua doa lililofuliwa. "Nimesikia," alisema, basi. Hakutabasamu.

"Tuyarudie yaliyopinda?" Twiga aliuliza.

"Tuyarudie."

"Vuta," alisema Twiga. Sauti ilikwaruza. Akakohoa. "Vuta!"

Wakavuta, wakakunja kwa urefu, Kidoti akaleta pembe zake. Vidole vilipogusana moyo ulimuuma vile vile, usidhani maneno mazuri ni dawa. Aliuacha uendelee kuuma, akasema, "Kunja."

Saa ya chakula mlango ulifunguliwa. Siku zote walizoea kula pamoja kwenye benchi la nje. Kidoti alichukua mfuko wake. "Leo nakula peke yangu."

"Sawa. Chakula chema."

Alimwona akishika njia ya ofisi ya msimamizi. Miguu ilitaka kumfuata. Twiga akaiketisha benchini pamoja na mwili wake wote, akala chakula kisichokuwa na ladha, na machozi mawili matatu yakamtoka akayafuta kwa mkono wa shati.

Twiga aliporudi chumbani, Kidoti alikuwa amesimama kwenye mlima wa mashuka, pembe mbili mkononi. Twiga hakuuliza msimamizi amesema nini, wala kama alimkuta, wala kama kesho atakuwepo. Alishika pembe zake.

"Mmepatana?" Bibi Mvuke alishindwa kujizuia.

"Tunakunja mashuka, Bibi," alisema Kidoti.

Mlango ukafungwa. Mlima bado ulifika kifuani, na Kidoti bado hakumtaka. Twiga akanyoosha shingo, akamtazama usoni kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi, akasema, "Leta," naye akaleta.