Visanduku Mia na Sitini

Mwenyekiti Faustini Lyamba alikuwa mtu wa salamu. Akikukuta pale sokoni Mpanda hakuachi hivi hivi. Atakuuliza wewe, mama watoto, watoto, ng'ombe, mpunga, kisha anarudi kwako upya kama vile ndiyo kwanza mnaonana. Uenyekiti wenyewe ulikuwa wa wafanyabiashara wa soko, lakini namna alivyoubeba ungedhani kakabidhiwa mkoa mzima. Mkoa wa Katavi wenyewe wakati huo ulikuwa na miaka miwili tu, na Mzee alizungumza kama aliyeuzaa.

Dorice alikuwa ameajiriwa kwenye duka lake la pembejeo na mifugo, duka la Tegemeo, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wa Machi ndipo angejua kama anasaini mkataba au anarudi Ilembo kumsaidia mama yake kulima. Na kulima alikuwa amekuchoka, tusidanganyane.

Jumatano jioni Mzee alimwita.

"Binti, kesho treni inaleta vifaranga mia sita wa siku moja. Nataka Ijumaa jioni stoo iwe tupu. Tangaza kwa ujumbe wa simu, lakini fupi, usinimalizie salio. Wasipoisha, mimi na wewe tutazungumza lugha nyingine."

"Sawa, Mzee."

Dorice hakulala na wasiwasi, alilala na daftari la hesabu, lile la visanduku. Kule Dar, jamaa wa kampuni inayowarushia wateja ujumbe kwa niaba ya duka walikuwa wamemwelekeza vizuri: ujumbe mmoja ni herufi mia na sitini. Nafasi nayo ni herufi, nukta nayo ni herufi. Ukifika mia na sitini na moja unahesabiwa jumbe mbili, kwa kila mteja, na wateja kwenye orodha walikuwa elfu moja na mia nne. Tena, tangazo lolote lazima limwambie mtu namna ya kujitoa, la sivyo watalifungia jina TEGEMEO linalotokea juu ya ujumbe. Na kwa kuwa juu panatokea jina, si namba, mteja hawezi kujibu tu hapo hapo. Namba ya kujitoa lazima iandikwe.

Kwenye kompyuta palikuwa na kihesabu cha herufi, ila Mzee hakukiamini. Alisema kompyuta ilishawahi kumdanganya. Ndiyo maana Dorice alichora mstari kuzunguka visanduku mia na sitini, akaingiza herufi moja moja, akifuta na kuandika, akifuta na kuandika. Asubuhi alikuwa na kitu hiki:

"Nunua vifaranga 10, pata 1 bure. Mwisho Ijumaa 14/3 saa 10 jioni. Duka la Tegemeo, sokoni Mpanda. Hutaki ujumbe wetu? Tuma neno ACHA kwenda", kisha namba ya simu ya dukani.

Mia na hamsini kamili. Aliutazama akajisikia raha, maana kila kitu kilikuwemo: unapata nini, mpaka lini, uende wapi, na ukichoka ufanyeje.

Mzee alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Salamu iko wapi?"

"Haikuenea, Mzee."

"Haikuenea! Hivi visanduku kumi vitupu hapa chini ni vya nini? Unaviwekea nani?"

"Vimebaki tu."

"Vimebaki." Mzee akacheka kicheko cha kumhurumia. "Binti, unaingia kwa watu elfu moja na mia nne bila hodi. Nunua! Nunua nini, hata jina la mtu hujasema? Lete kalamu."

Akaichukua kalamu nyekundu, ile ya kukagulia stoo, akaandika juu: "Mh. Mwenyekiti Faustini Lyamba anawasalimu." Dorice akahesabu kimoyomoyo. Arobaini na nne pamoja na nafasi. Jumla mia na tisini na nne.

"Imezidi thelathini na nne, Mzee."

"Basi tupunguze upuuzi. Hii nini, Ijumaa kumi na nne, mwezi wa tatu, saa kumi jioni? Leo ni Alhamisi. Ijumaa si ndiyo kesho? Andika kesho. Umeona ninavyobana matumizi?"

"Mzee, watu wa vijiji vya Mamba na Karema simu zao wanachajisha kwenye kibanda, wengine wanaziwasha siku ya gulio tu. Mtandao unautunza ujumbe siku mbili tatu mpaka simu iwashwe. Atakayesoma Jumamosi, kesho yake ni Jumapili."

"Kwani atakayesoma hana akili?"

Hapo Dorice angeendelea, lakini aliukumbuka mkataba.

Kalamu nyekundu ikashuka mpaka mstari wa mwisho, na uso wa Mzee ukabadilika kabisa. Alionekana ameumia kwelikweli.

"Hutaki ujumbe wetu? Tuma ACHA. Dorice! Mgeni anafika kwako, hata maji hujampa, unamwambia karibu, mlango wa kutokea ule pale? Kwenu Ilembo ndivyo mnavyopokea wageni?"

"Ni masharti, Mzee. Na wapo wasiotaka kweli. Mtu hafugi kuku, kila wiki anaambiwa vifaranga, anakereka."

"Nani anakerwa na salamu yangu?"

Akaifuta yote, akaandika "Simu" na namba yake mwenyewe, ile ya mfukoni. Dorice akahesabu: mia na thelathini na nane. Vimebaki ishirini na viwili. Mzee akafikiri, akauma kalamu, akaongezea "Karibuni sana wateja." Vikaisha vyote, hata kimoja hakikubaki. Mzee alifurahi mno, akaweka sahihi yake kubwa nje ya mstari, mkia wa sahihi ukafika ukurasa wa pili.

"Tuma hivyo hivyo."

Dorice akatuma. Karatasi ile akaichana kwenye daftari, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba.

Ijumaa vifaranga mia sita walikuwa wakilia stoo mpaka duka la jirani wakalalamika. Majiko matatu ya mkaa yaliwaka kuwapa joto, pumba zikaliwa, maji yakamwagika. Wateja walikuja tisa. Hadi saa kumi jioni walikuwa wameondoka vifaranga mia moja na kumi tu.

"Nilikuambia ufupishe," Mzee alisema, "ukafupisha mpaka watu hawakuelewa. Huo mkataba naona tuusahau."

Dorice alilia njia nzima mpaka nyumbani. Si kwa huzuni, kwa hasira, maana hasira yake ndivyo ilivyo.

Jumamosi saa mbili asubuhi akakuta foleni. Watu na matenga, watu na maboksi ya sabuni yaliyotobolewa matundu. Mzee akasimama mlangoni.

"Karibuni, karibuni! Ila ofa ilikwisha jana."

"Jana?" jamaa mmoja akainua simu yake. "Simu yangu nimeiwasha jana. Imeandikwa kesho. Kesho ya jana si leo?"

"Ndiyo leo!" foleni nzima ikaitikia.

Mzee akatazama hiyo simu, akaona jina lake limekaa juu pale, na cheo chake, na anawasalimu. Akatoa ofa. Kufika saa sita mchana stoo ilikuwa tupu, na Mzee akaanza kutembea kwa maringo tena. Aliwaambia majirani kwamba hiyo ndiyo nguvu ya salamu.

Jumapili akiwa kanisani simu ikaita mara kumi na nne. Jumatatu ndiyo balaa. Walishuka kwenye basi watu wa Mamba, wanawake kwa wanaume, mbele yao Mama Nyanzala, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe wavuke mto.

"Faustini Lyamba ni nani?"

Mzee alijaribu kuingia stoo, lakini stoo haikuwa na mlango wa nyuma.

"Ni mimi, mama. Habari za Mamba? Watoto hawaja..."

"Salamu nilishapata kwenye simu. Nataka vifaranga. Jana gulio nimewasha simu, umeniambia kesho. Nimeamka alfajiri, nimepanda basi, nimebeba matenga mawili. Kesho yako imefika, mimi hapa."

"Wameisha Jumamosi, mama."

"Kwa nini hukuandika Jumamosi?"

Kidole cha Mzee kikamwelekea Dorice. "Huyu binti ndiye mwandishi. Bado yuko majaribio, tusameheane."

Basi, kuna kuonewa ambako mtu anavumilia, na kuna kuonewa ambako mkono unaingia wenyewe kwenye mkoba. Dorice akatoa karatasi, akaikunjua juu ya kaunta. Penseli chini, ya kijivu: Ijumaa 14/3 saa 10 jioni. Kalamu nyekundu juu: kesho. Na pembeni sahihi yenye mkia.

Mama Nyanzala alisoma taratibu, kidole kikifuata visanduku. Kisha akageuka.

"Mheshimiwa, umetoa siku ukaweka jina lako?"

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa amechoka, na matenga yake yalikuwa matupu.

Mzee aliketi juu ya gunia la pumba. Simu yake ikaita, mtu wa Karema aliyemwambia yeye ni mvuvi, hajawahi kufuga hata bata, atolewe. Ikaita tena, wale jamaa wa Dar: malalamiko yamefika, tangazo lingine bila njia ya kujitoa, jina linafungiwa.

"Binti," akasema kwa sauti ndogo, "Alhamisi wanakuja wengine. Waandikie. Kwanza uwaombe radhi."

Akawaahidi watu wa Mamba kuwatengea wao kwanza na kuwapelekea mpaka gulioni. Dorice akachora visanduku upya. Safari hii aliacha hata jina la duka, maana linatokea juu:

"Samahani kwa ujumbe uliopita. Nunua vifaranga 10, pata 1 bure. Mwisho Jumamosi 22/3 saa 10 jioni. Sokoni Mpanda. Hutaki SMS? Tuma ACHA kwenda", na namba ya dukani.

Mia na hamsini na mbili. Mzee akaitazama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu.

"Vimebaki vinane," akasema. "Faustini ni herufi nane."

"Ni nane, Mzee. Lakini lazima kuwe na nafasi ya kulitenga jina na namba. Itakuwa tisa."

"Nafasi nayo inahesabiwa?"

"Inahesabiwa. Zimebaki nane, zinatakiwa tisa. Inafika mia na sitini na moja. Jumbe mbili mbili, watu elfu moja na mia nne."

Mzee akashusha pumzi, akaweka sahihi ndogo, karibu isionekane.

"Viache vitupu. Na mwezi ukiisha ulete huo mkataba." Simu ikaita mfukoni, akaikata. "Hiyo ACHA, mtu akiituma kweli wanaacha kumsumbua?"

"Wateja hawapati tena ujumbe wetu, Mzee. Lakini wanaokupigia wewe..."

Hakumsikiliza, alikuwa ameshatoka nje. Dorice akatuma tangazo. Haikupita dakika, simu ya dukani ikalia, ACHA ya kwanza imeingia. Akafungua daftari jipya la waliojitoa kuandika namba, na mkono ukasita, kwa sababu namba hiyo aliijua kwa kichwa: ndiyo ile iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu.

Akaiandika. Kisha akaitafuta kwenye ile orodha ya elfu moja na mia nne, akaifuta, kama masharti yanavyosema.