Saa Kumi na Moja, Si Kumi na Mbili

Mimi sijisifu, ila ukweli lazima usemwe: kwa miaka ishirini na moja nikikata tiketi kwenye ofisi ya safari za ndege hapa Kaohsiung, hakuna nafasi niliyoishika ikanyauka mikononi mwangu. Siku ile ya Bibi Liao ndiyo nusura rekodi ile ivunjwe, na si na mimi.

Bibi alikuwa na kiti kimoja, cha mwisho, kwenda Okinawa na kuunganisha hadi Ishigaki, kwa dada yake anayetimiza miaka themanini na minane. Walikosana juu ya shamba la mananasi la baba yao. Mwaka wa arobaini huu hawajaonana. Kiti nilikishika bila malipo, maana kampuni ya ndege hukupa muda, na muda ukiisha hujalipa, kompyuta yao inafuta. Haiulizi mtu. Na nyuma yako kuna orodha ya watu kumi na mmoja wanaosubiri.

Lakini Bibi hakutaka kulipa mpaka Mama Matsu, mungu wetu wa bahari, aseme ndiyo hekaluni. Kwetu ndivyo: unaangusha vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, mungu anakucheka. Naye alitaka ndiyo tatu mfululizo. Siku tatu nzima alipewa hapana.

"Leo nakwenda mara ya mwisho," aliniambia akiaga. "Saa kumi na moja na nusu nipo hapa."

"Wahi, Bibi."

"Ah, bosi wako kaniandikia saa kumi na mbili."

Akaenda zake. Nami nikarudi kwenye skrini kuusoma mwenyewe ule ujumbe wa kampuni ya ndege. Saa kumi na mbili, ndiyo, lakini saa ya Tokyo! Kampuni ni ya kule, na huandika kwa saa yao. Kwetu ni saa kumi na moja.

"Bosi Kuo!" nikamwita. "Wewe umesoma saa ya nani?"

"Saa ni saa, Hsiu-chin."

"Loo! Saa ni saa! Basi kamwambie Mjapani!"

Nilimpigia Bibi mara sita. Simu imezimwa, mbele ya Mama Matsu huizima. Hekalu liko mbali, nisingefika na kurudi. Zikabaki dakika kumi na tatu.

"Naikata tiketi," nikasema.

"Bila pesa? Hapana! Sheria ya ofisi ni ipi?"

"Leo leo naweza kuibatilisha, kabla ya saa sita usiku, hatutozwi hata senti. Kiti kitapotea, basi. Asipotokea, kata mshahara wangu."

"Na akitokea aseme mungu kakataa?"

"Nitaibatilisha mbele ya macho yake. Lakini atakataa mwenyewe kwa kinywa chake, siyo kompyuta ya Tokyo imkatalie."

Nikabonyeza. Saa kumi na dakika hamsini na mbili, namba ya tiketi ikatoka, ndefu, nzuri. Nilijiona mkubwa, sikufichi. Saa kumi na moja kamili, nafasi ya mteja mwingine wa bosi, ndege ileile, haijalipwa, ikafutika tukiitazama. Bosi Kuo akainamia karatasi zake.

Saa kumi na moja na nusu mlango ukafunguliwa. Bibi Liao anahema, macho mekundu. Nikasimama.

"Bibi, nina jambo la kukuungamia."

"Ngoja kwanza mimi," akasema, akiketi. "Nimeanza kuangusha saa kumi na moja hivi. Nauliza: nilipie tiketi nikamwone dada? Mama Matsu ananicheka. Nauliza tena, anacheka. Mara tisa, Hsiu-chin! Watu wananitazama. Nikajisemea, huyu hacheki bure, swali langu ndilo la kijinga. Nikamuuliza: Mama, au tiketi imeshakatwa?"

Bosi Kuo akainua kichwa.

"Ndiyo," akasema Bibi. "Ndiyo. Ndiyo. Tatu mfululizo."

Nikaichapa karatasi nikampa. Aliisogeza mbali na macho, akatafuta kwa kidole saa ilipokatwa tiketi, akaisoma kwa sauti: saa kumi na dakika hamsini na mbili. Kisha akalia, bila haya, kama mtoto mdogo.

"Miaka arobaini nasingizia miungu," akasema. "Nilikuwa naogopa tu dada atanifungia mlango."

Akatoa bahasha yenye pesa, akampita bosi, akaniwekea mimi mkononi.

"Sasa niambie," akasema, akifuta pua, "Ishigaki kuna baridi mwezi huu? Nibebe koti?"