Chaneli Moja

Mzee Obed wa Kilosa alipouza kampuni yake ya utalii, alituuza na sisi. Sikulia. Tulivua mashati ya kijani, tukavaa ya kahawia ya kampuni ya Mikumi, nikajitazama kwenye kioo cha gari kama aliyeazima nguo ya msiba.

Meneja mpya, Paulina, hakuzunguka. Magari yote, chaneli moja ya redio koli. Waongozaji wote, mkuu mmoja. Nasi wakuu tulikuwa wawili, mimi na Nickson wao.

"Msimu huu mtafanya kazi pamoja, kisha nitaamua," alisema. "Atakayekosa atabaki mwongozaji wa kawaida."

"Karibu, dada," Nickson akaniambia, kwa sauti ya kumkaribisha mwizi.

Sisi wa Kilosa tulikuwa na lugha yetu redioni. Simba ni shangazi, chui ni kinyozi, ili wengine wasitujazie magari. Tumwagile, dereva niliyeanza naye kazi, aliniomba.

"Dada Dotto, hiyo usiwape. Mashati wameshatuvua."

Nikamwahidi.

Mvua za masika zikashika. Siku moja gari la Yared, kijana wa Nickson, likakwama topeni. Nilimwona kwa mbali ameshuka na koleo, mlango wazi. Redio ikalia, sauti ya Tumwagile: "Shangazi wawili, njia ya bwawani, wanatembea." Hakujua kwamba Yared yuko njia hiyohiyo. Yared alisikia, akaendelea kuchimba.

"Yared, panda garini!" nilipiga kelele redioni. "Shangazi ni simba!"

Akapanda. Simba wakapita kando ya koleo lake.

Jioni Paulina alitukusanya, akanitaka nitaje maneno yote. Nikayataja yote, mpaka la nyani. Tulipotoka, Tumwagile akanisimamisha.

"Uliniahidi."

"Angekufa mtu, Tumwagile."

"Yared ulishamwokoa. Kinyozi naye alikuwa amekwama?"

Nilijua, naye alijua, kwamba nilitaka cheo. Nikakipata. Nickson alinipa mkono, nikaupokea, wala sikusikia furaha. Sikusikia chochote.

Tangu hapo redioni waliniita "mkuu" na kunijibu sawasawa, kwa heshima ya benki. Paulina alifurahi, akasema timu imeungana. Nami niliamini hivyo mpaka Jumamosi moja, nilipoingia mbugani na wageni, gari langu likiwa peke yake barabarani.

"Kifaru amepita geti," Tumwagile akasema redioni.

"Nimekusoma, kaka," akajibu Yared.

"Anaelekea wapi?" Huyo alikuwa Nickson.

"Kwenu."

Wakacheka, wa Kilosa na wa Mikumi. Sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja.

Nyuma yangu mgeni mmoja, mwalimu kutoka Morogoro, alisimama na simu yake tayari kwa picha.

"Dada, huyo kifaru yuko wapi?"

"Kaa, mwalimu," nikamwambia. "Mikumi haina kifaru."