Njia ya Mama Kupita

Msuluhishi alipiga magoti kwenye vumbi la ua, akavuta futi kamba kutoka ubavu wa pikapu hadi ukutani. Kisha akapima kiti cha magurudumu. Kiti kiliizidi njia kwa upana wa kiganja. Nyuma ya gari, mama mzee alikuwa amekaa kwenye kiti hicho, mkoba mapajani, akisubiri kwenda kliniki ambayo wiki iliyopita aliikosa.

Jana yake msuluhishi alikuwa amewasikiliza wapangaji wawili wa nyumba hiyo, kila mmoja peke yake, ili aseme yaliyo moyoni bila kuingiliwa. Fundi cherehani, binti wa mama mzee, alisema mama yake amegeuzwa mfungwa. Muuza mikate, mwenye pikapu, alisema barabarani wezi walishamng'olea taa na vioo, na kwamba siku aliyohamia, mwenye nyumba alimwonyesha pale kwa kidole: "Gari utaweka hapa." Fundi naye alionyeshwa pale pale, kwa kidole kile kile, akaambiwa ndiyo njia yake.

Leo walikutana uani, na mwenye nyumba akaitwa, maana mikataba yote miwili aliiandika yeye. Msuluhishi aliwaeleza utaratibu. Mmoja akisema, mwenzake anyamaze. Matusi hapana. Yeye si hakimu. Atawasaidia tu wakubaliane wenyewe.

Matusi yalianza hajafunga mdomo.

"Mikate yako ina thamani kuliko mama yangu?" fundi alifoka.

"Usinilishe maneno, dada! Gari likilala nje, kesho niuze mikate kwa toroli?"

"Kauze hata kwa kichwa, mwana kulaaniwa!"

"Basi," msuluhishi alisema. "Nani ana haki tuliache kwanza. Kaka, gari linahitaji nini?"

"Kulala ndani ya geti."

"Na wewe, dada?"

"Mama apite saa yoyote bila kumbembeleza mtu."

Aliwaonyesha kwamba mahitaji hayo hayagombani. Gari likirudi nyuma kidogo tu, njia inafunguka. Lakini nyuma kulikuwa na uzio wa mabati.

"Huko nyuma kuna nini, mzee?"

"Mradi wangu," alijibu mwenye nyumba, akitazama simu yake. "Nafasi hakuna."

Mama mzee, aliyekuwa amechoka kusubiri, akainuka juu pamoja na kiti chake. Alipita juu ya pikapu taratibu, magurudumu yakizunguka hewani. Muuza mikate aliinamisha kichwa asigongwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Paa la gari lako limeshika kutu, kalipake rangi." Akageuza kiti na kuchungulia ng'ambo ya mabati. "Huku kuna ua mtupu. Matofali machache tu na majani. Hata lori linageuza."

Fundi na muuza mikate walitazamana. Kisha wote wawili wakamgeukia mwenye nyumba.

"Tumetukanana miezi yote hii!" muuza mikate alisema. "Mzee, umetukalisha roho juu kwa matofali?"

Mikataba yote miwili ilisema ua ni wa wapangaji wote. Msuluhishi aliandika makubaliano palepale: mabati yaondolewe, pikapu ilale nyuma, njia ibaki wazi wakati wote, kila mpangaji apewe ufunguo wa geti. Wapangaji walitia saini bila kubishana. Mwenye nyumba aliisukuma kalamu kando.

"Mama si anapita? Nimemwona kwa macho yangu. Njia ya nini tena?"

"Mzee, huyo ni mgonjwa!" fundi alisema.

"Mgonjwa anayepita vizuri."

Msuluhishi alitamani kumtupia futi kamba usoni. Lakini usuluhishi ni hiari, na asiyetaka hasainishwi kwa nguvu. Aliwaelekeza wapangaji kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, akawaandikia barua ya kwamba usuluhishi umeshindikana. Wakapeleka malalamiko. Wakaambiwa wasubiri kuitwa.

Msuluhishi aliporudi baadaye kuwajulia hali, njia yenyewe ilikuwa imeshapangishwa. Gari jeupe la mpangaji mpya lilijaa kati ya geti na pikapu, ukuta hadi ukuta, pua yake ikigusa ya pikapu. Mama mzee alikuwa juu ya paa la nyumba, njiani kwenda kliniki. Fundi na muuza mikate walikuwa nje ya geti wameshika kamba iliyofungwa kwenye kiti, wakimwelekeza.

"Kushoto, mama! Waya wa umeme!"

"Nauona. Acheni kunipigia kelele."

Mwenye nyumba alitoa kichwa dirishani. "Mwambieni asinikwaruzie mabati!"

Fundi alimtukana tusi ambalo msuluhishi alijifanya hakulisikia.

"Na mvua zikianza?" fundi alimuuliza msuluhishi, macho mekundu. "Na upepo je?"

Upepo ulikwisha kuanza. Msuluhishi aliweka mkoba wake chini, akashika kamba pamoja nao.