Mvua Iliyonyesha Gazetini

Shangazi aliingia wodini na gazeti kwapani. Hata hali ya mgonjwa hakuuliza kwanza.

"Mwanangu, hivi mdogo wako alikuwa anatafuta nini nje usiku ule?"

Mwalimu, ambaye hata nyumbani kwao walimwita hivyo hivyo, alikuwa akimnywesha mdogo wake uji. Akashusha kijiko. "Usiku upi, shangazi?"

"Si huu hapa!" Shangazi akalikunjua gazeti juu ya blanketi. Yeye alikuwa amefika jana tu kutoka mbali, kwa hiyo alichojua ni alichokiona.

Ilikuwa picha kubwa, nyeusi na nyeupe. Mtaa umelowa, manyunyu yanakatiza kwenye mwanga wa taa ya barabarani, na chini ya taa amesimama mwanamke peke yake ndani ya koti refu, kivuli chake kimechorwa chini kana kwamba kimekatwa kwa mkasi. Hapakuwa na mlango ulio wazi wala kiumbe mwingine. Juu yake kichwa cha habari kilisema: MSUSI APONEA CHUPUCHUPU. Picha ilikuwa nzuri, tena nzuri sana, na hilo ndilo lililomchoma Mwalimu kuliko yote.

Maana Kidoti, mdogo wake, hakupigwa usiku. Alipigwa mchana kweupe, jua la kupasua kichwa, katika mtaa wa nyuma ya soko, alipotoka saluni kwenda kununua chakula. Aliyempiga ni muuza vipodozi mmoja aliyekuwa akileta mafuta ya nywele pale saluni, akaleta na posa, akakataliwa. Alimvizia na kipande cha nondo. Mvua yenyewe watu wa mji ule walikuwa wameshasahau inavyonukia. Na habari iliyoandikwa chini ya picha ilisema wazi, aya ya pili, kwamba ilikuwa mchana. Lakini nani siku hizi anafika aya ya pili?

"Ilikuwa mchana, shangazi."

"Basi hii picha wameipata wapi?"

Mwalimu alitaka kujibu, lakini Kidoti alikuwa amelivuta gazeti. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi. Daktari alishawaambia kwamba kumbukumbu za siku ile huenda zikarudi kidogo kidogo, huenda zisirudi kabisa. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "kwani kweli nilikuwa natafuta nini nje usiku?"

Mwalimu akaondoka wodini kabla hajasema neno ambalo halisemwi mbele ya wagonjwa.

Alianzia kituo cha polisi. Mpelelezi wa kesi alikuwa mama mmoja mtulivu, na hakumzungusha. Alijua ilikuwa mchana, cheti cha hospitali kilisema hivyo. Muuza vipodozi alikuwa mahabusu kwa sababu ya vitisho alivyovitoa pale saluni, lakini alikana katakata, na nondo haikuonekana. "Nahitaji mtu aliyeona kwa macho yake, Mwalimu. Bila shahidi, kesho kutwa namwachia. Nimepita mtaa mzima, kila mtu bubu."

Mwalimu akaenda kwa hao mabubu. Kinyozi ndiye aliyekuwa karibu zaidi: kibanda chake kinatazamana na mahali penyewe, hatua chache tu. Alikuwa akipiga mswaki mashine yake ya kunyolea.

"Pole sana kwa mgonjwa," alisema. "Lakini mimi sikuona kitu. Si unajua, giza."

"Giza gani?"

Kinyozi, bila haya hata chembe, alinyoosha mkono akachukua gazeti lile lile kutoka kwenye benchi la wateja. "Si hili, Mwalimu? Giza, mvua, mtu huoni hata pua yako. Hapo nani ataona nini?"

Ama kweli, mnyonge hana haki! Mtu ana macho mawili, na jua lilimwakia utosini, lakini amepata picha ya kujifunikia kama shuka. Muuza sharubati aliyekuwa jirani akatikisa kichwa kuunga mkono. Giza, akasema. Mtaa wote ulikuwa umeamua kwamba siku ile jua halikutoka. Mkoba ulimponyoka Mwalimu kwa hasira, na hakuna aliyeinama kumwokotea.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mhariri alimpokea kwa adabu ya mtu anayetaka uondoke.

"Mama, ile ni picha ya kielelezo tu. Tumeandika." Akaweka kidole pembeni mwa picha. Kweli palikuwa na maneno, madogo mno. Sisimizi angehitaji miwani kuyasoma.

"Nani aliipiga?"

"Haikupigwa. Imetengenezwa na akili mnemba. Wapiga picha tuliwapunguza mwaka jana."

Aliyeitengeneza alikuwa mpanga kurasa, baba mwenye kitambi na macho yaliyochoka, meza ya mwisho dirishani. Huyu angalau aliona aibu. Alimvutia Mwalimu kiti, akafungua kompyuta, akamwonyesha maelekezo anayoiandikia mashine. Yalikuwa mstari mmoja tu: mtaa wa mtindo wa noir, ule wa filamu za zamani za upelelezi, nyeusi na nyeupe, vivuli vikali, mvua nyepesi, mtu mmoja peke yake chini ya taa ya barabarani.

"Ndiyo haya haya kila habari ya uhalifu," alikiri. "Nayahifadhi, nayabandika. Kwa dada yako nilibadilisha 'mtu' nikaweka 'mwanamke'."

"Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa neno moja."

Mpanga kurasa alikuna shingo. "Ngoja nikurekebishie." Akafuta mvua, akaongeza: mchana, jua kali, bila taa. Wakasubiri. Picha ikaja. Anga lilikuwa limepauka kidogo, lakini barabara bado inang'aa kwa unyevu, na taa iko pale pale katikati, tena inawaka.

"Nimeiambia bila taa!"

"Si umeitajia taa," alisema Mwalimu.

"Ndivyo ilivyo. Mara nyingi ukiitajia kitu, hata kwa kukikataza, inakuletea. Na hili neno noir nalo linavuta usiku. Picha nyingi ilizojifunzia za mtindo huo ni za usiku na mvua, basi inajua hivyo tu." Akaondoa taa, akaongeza: watu wengi, maduka wazi. Safari hii watu wakaja kweli, kundi zima, wanaume peke yao, wamevaa kofia za pama na makoti marefu, kila mmoja na mwavuli wake. Mwalimu alicheka, kicheko kibaya, kisha machozi yakamtoka.

"Hata mashine yako inakataa kwamba ilikuwa mchana."

"Haikatai, mama. Haijui. Nitafuta yote nianze upya. Nieleze huo mtaa ulivyo."

"Wewe huujui? Ni hapo nyuma ya soko!"

Mpanga kurasa akatazama dirishani. Mabati ya soko yalionekana pale chini. "Sijawahi kupita," alisema.

Hapo Mwalimu alisimama, na sauti aliyoitoa ni ile inayonyamazisha darasa zima. "Basi nikueleze ulichokifuta. Uliandika mtu mmoja peke yake. Mdogo wangu hakuwa peke yake! Palikuwa na kinyozi, na muuza sharubati, na maduka yamefunguka pande zote mbili, na watu wanapita. Ametandikwa nondo mbele ya halaiki, halafu wewe ukaja na mstari wako ukawaondoa wote, ukawazimia jua, ukawatandazia giza wajifiche. Umemwacha yeye tu, chini ya taa, watu wamuulize alikuwa anatafuta nini!"

Chumba kizima kilikuwa kimegeuka. Mhariri alitoka na kalamu sikioni. "Mama, tutaweka masahihisho. Ukurasa wa ndani."

"Masahihisho sitaki. Nataka picha."

"Mtaa wa mchana, maduka na watu? Hiyo itamshtua nani?"

"Itawashtua waliomo," alisema Mwalimu.

Mpanga kurasa alitoa simu mfukoni, akavaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza, akamfuata.

Walifika saa ile ile ya jua kali. Mwalimu alisimama mahali damu ilipokuwa, mpanga kurasa akarudi nyuma akapiga. Kinyozi alipoona simu aliinamisha uso, muuza sharubati akageukia jagi lake, lakini mlango wa kibanda, benchi la wateja, na kile kiti kinachotazama barabara, vyote viliingia. Hakuna kivuli kilichoficha kitu. Vivuli vyenyewe vilikuwa vifupi, vimejikunja miguuni mwa watu.

Iwapo mhariri angeichapa au la, Mwalimu hakusubiri kujua. Aliomba itumwe kwenye simu yake, akarudi hospitali moja kwa moja.

Shangazi alikuwa amesinzia kitini. Gazeti bado liko kitandani, na Kidoti alikuwa analitazama tena, akimtafuta yule mwanamke wa koti kama mtu anayetafuta jamaa yake.

"Acha hilo. Huyo si wewe," alisema Mwalimu. "Hakuna mtu wa hivyo duniani." Akampa simu.

Kidoti alitazama. Mwanzo uso wake haukuonyesha kitu, na Mwalimu aliogopa. Hakumwambia neno, maana mpelelezi alishamwonya asimlishe mgonjwa maneno. Kisha kidole cha Kidoti kikaenda taratibu juu ya kioo, kikasimama mlangoni kwa kinyozi.

"Kulikuwa na mtu kitini," alisema.

Mle pichani kiti kilikuwa kitupu.

"Fundi baiskeli. Yule mwembamba. Alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, upande wa pili nywele zote. Nilianguka, nikamwona nusu nusu hivyo, nikadhani ni macho yangu." Akapumua. "Alitaka kuinuka, dada. Kinyozi akamkandamiza bega, akamrudisha kitini. Mimi nikamwita kinyozi kwa jina lake. Si ananijua? Kila asubuhi tunasalimiana. Akanitazama usoni kabisa."

"Halafu?"

"Halafu akavuta pazia."

Shangazi alikuwa ameamka. Alilichukua gazeti kutoka blanketini, akalikunja mara nne, akalikalia.

Mwalimu alikuwa tayari mlangoni, simu sikioni, anaongea na mpelelezi. Alimwambia shahidi ni fundi baiskeli, na asipate shida kumtafuta. Mji mzima wiki ile ulikuwa unamcheka mtu mmoja aliyetoka kwa kinyozi na nywele nusu, akaapa hatarudi pale kumaliziwa, na kila alipoulizwa kwa nini, alilia.